Ulinganisho wa tovuti tatu za kubeti: nani ana leseni ya kweli, nani analipa

Wengi wetu tukichagua tovuti ya kubeti tunaangalia odi, bonasi ya kujiunga na wingi wa mechi. Hayo yote yanahusu jinsi pesa inavyoingia. Shida huanza siku inapotakiwa kutoka, na siku hiyo odi nzuri haimsaidii mtu. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa mambo mawili tu: leseni inasema nini, na waliotangulia wanalalamika nini kuhusu malipo. Haya mawili lazima yasomwe pamoja. Leseni inakuonyesha nani anaweza kuibana kampuni ikigoma kukulipa. Malalamiko yanakuonyesha kama kampuni huwa inagoma.

Tovuti ninazolinganisha naziita A, B na C. Ni mifano niliyoitunga, kila mmoja ukibeba sura ya kundi lake, kwa hiyo usitafute jina la kampuni nyuma ya herufi. Mchezaji wetu yuko Mbagala, ametimiza miaka 18, na ana shilingi 20,000 kwenye simu anazotaka kuweka. Tovuti A anwani yake inaishia na `.co.tz`, na inasema imesajiliwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Tovuti B inaishia na `.com`, ina kasino kubwa na michezo ya kila aina, na inasema ina leseni ya Curaçao. Tovuti C ameipata kwenye kundi la WhatsApp. Inaahidi bonasi ya asilimia 300, na chini ya ukurasa ina nembo mbili: ya Bodi ya Tanzania na ya Anjouan.

Chini kabisa ya ukurasa

Shuka mpaka mwisho wa ukurasa wa mbele. Tovuti inayofanya kazi kihalali huandika pale vitu vitatu: jina kamili la kampuni, namba ya leseni, na chombo kilichoitoa. Kimojawapo kikikosekana, usiende mbele. Vikiwepo vyote, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuandika maneno hayo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba leseni hupewa kampuni, na jina la biashara unaloliona kwenye jezi au kwenye tangazo la redio linaweza kuwa tofauti kabisa. Kule Kenya, kwa mfano, Betika imeendeshwa na kampuni iitwayo Shop and Deliver Limited. Kwenye orodha ya wenye leseni unaweza kutafuta jina la biashara ukalikosa, ukadhani umetapeliwa, kumbe kampuni imo kwa jina lake la usajili. Ndiyo maana unanakili jina la kampuni kwanza, kisha unalitafuta hilo.

Jambo la pili ni anwani ya tovuti. Rejesta nzuri huonyesha kampuni fulani imeruhusiwa kutumia anwani zipi. Tume ya Kamari ya Uingereza hufanya hivyo kwenye rejesta yake iliyo wazi kwa kila mtu: unaandika jina la kampuni, unaletewa namba ya akaunti, hali ya leseni na anwani zote zilizosajiliwa. Mamlaka ya Malta nayo ina ukurasa wake wa kuhakiki, na namba zake zina umbo linalojulikana, zikianza na `MGA/B2C/`. Anwani uliyo nayo kwenye simu isipolingana herufi kwa herufi na ile ya kwenye rejesta, basi leseni ile ni ya mtu mwingine.

Jambo la tatu ni nembo. Ikiwa ni picha tu isiyobonyezeka, haithibitishi kitu. Ikibonyezeka, angalia inakupeleka wapi. Ukurasa unaofunguka lazima uwe kwenye anwani ya msimamizi mwenyewe. Matapeli hutengeneza ukurasa wa "uhakiki" ndani ya tovuti yao, wenye alama ya vema ya kijani na tarehe, na macho yakienda kwenye ile kijani mtu husahau kusoma anwani iliyo juu.

Tovuti A: leseni ya nyumbani

Mchezaji wetu anafungua tovuti ya Bodi, `gamingboard.go.tz`, na kutafuta orodha ya kampuni zilizoruhusiwa. Bodi iliundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ndiyo inayotoa leseni za ubashiri wa michezo, kasino, bahati nasibu na mashine za sloti. Analikuta jina la kampuni ya A. Kisha anaangalia aina ya leseni, kwa sababu kampuni inaweza kuwa na leseni ya ubashiri wa michezo bila kuwa na ya kasino ya mtandaoni. Anayetaka kucheza kindege au sloti ahakikishe leseni inagusa michezo hiyo.

Halafu anafanya uhakiki ambao wengi huuruka: anaanza kuweka pesa bila kuimaliza safari. Anachagua kulipia kwa simu, anaingiza namba ya kampuni na namba ya kumbukumbu, na kabla hajaweka namba ya siri anasoma jina linalotokea kwenye skrini. Jina liwe la kampuni iliyo kwenye leseni, la biashara yake, au la kampuni ya malipo inayotajwa waziwazi kwenye maelezo ya tovuti. Kwa A jina limelingana. Anabatilisha muamala na kuendelea na uchunguzi, pesa ikiwa bado mfukoni.

Faida kubwa ya leseni ya nyumbani ni kwamba msimamizi yuko mahali unapoweza kufika, anapokea malalamiko kwa Kiswahili, na leseni anayoweza kuifuta ndiyo inayoipa kampuni ile uhai wake nchini. Pia njia za malipo za simu ziko chini ya sheria za nchi hiyohiyo, kwa hiyo kuna kumbukumbu ya kila shilingi iliyoingia na kutoka.

Lakini leseni ya nyumbani haimaanishi pesa yako iko salama kama iliyo benki. Wakenya walijifunza hili mwaka 2019. Mwezi wa Julai, bodi ya leseni ya huko, BCLB, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 kwa sababu ya mvutano wa kodi, zikiwemo SportPesa na Betin zilizokuwa kubwa mno wakati ule. Safaricom ikaagizwa kufunga namba za malipo za kampuni hizo, na wateja wakaambiwa wahamishe salio zao haraka. Hadi Septemba, SportPesa na Betin zilikuwa zimetangaza kufunga shughuli zao Kenya. Mwaka uliofuata jina la SportPesa likarudi sokoni likiwa mikononi mwa kampuni nyingine, Milestone Games, na mvutano na bodi ukaendelea mahakamani. Mtu aliyeangalia jina la biashara peke yake asingeona kwamba kampuni ya nyuma imebadilika. Aliyekuwa akisoma mstari wa mwisho wa ukurasa angeona.

Kwa msomaji wa Kenya kuna la kuongeza. Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025 imeweka mamlaka mpya kuchukua nafasi ya BCLB, kwa hiyo ukikuta tovuti inataja sheria ya zamani, Sura ya 131, na namba ya leseni ya zamani, hakiki kama kampuni imo kwenye orodha ya sasa. Leseni hizi huhuishwa kila mara. Iliyokuwa halali wakati rafiki yako anaanza kucheza inaweza kuwa imekwisha leo.

Tovuti B: leseni ya mbali

Curaçao ni kisiwa cha Karibi kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Kwa miaka mingi kilikuwa na kampuni nne tu zenye leseni kuu, na hizo ndizo zilizokodisha leseni ndogo kwa mamia ya tovuti. Namba mashuhuri kuliko zote, `8048/JAZ`, iliandikwa chini ya kurasa nyingi sana duniani. Aliyelalamika alikuwa anaandikia kampuni iliyolipwa na tovuti ileile anayoilalamikia, na wengi hawakujibiwa. Mfumo huo umevunjwa. Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 24 Desemba 2024, na sasa kila kampuni inapaswa kuwa na leseni yake moja kwa moja kutoka Mamlaka ya Michezo ya Curaçao.

Hii inampa mchezaji wetu kipimo rahisi. Ikiwa B bado inaonyesha `8048/JAZ` au namba nyingine ya mtindo huo bila leseni mpya, inaegemea mfumo uliokwisha muda wake. Ikiwa ina namba mpya inayoanza na `OGL/`, abonyeze muhuri wake na kuona kama unafungua ukurasa wa mamlaka yenyewe, wenye jina la kampuni na anwani ya tovuti. Tuseme B imefaulu: muhuri unafunguka mahali sahihi na majina yanalingana.

Basi anakwenda kwenye masharti, ukurasa mrefu usiosomwa na mtu. Hana haja ya kuusoma wote. Anatafuta maneno manne: kampuni, nchi, kutoa, sheria.

Kwenye "kampuni" anataka kujua mkataba wake ni na nani hasa. Kuna makundi makubwa yenye leseni ya Uingereza au Malta ambayo huonyesha nembo hizo kwa fahari, lakini masharti yanasema mteja aliye nje ya nchi hizo anahudumiwa na kampuni dada iliyosajiliwa kwingine. Ile leseni nzito inawalinda wengine. Wewe unalindwa na hiyo ya kampuni dada.

Kwenye "nchi" anatafuta orodha ya nchi ambazo wachezaji wake hawaruhusiwi. Hapa ndipo watu wengi huumia. Tovuti inaweza kukubali usajili kutoka nchi iliyokatazwa, ikapokea pesa, na siku ya kutoa ikafungua masharti na kusema hukustahili kucheza. Anayetumia VPN kujificha anaipa kampuni sababu hiyo yeye mwenyewe.

Kwenye "kutoa" anakuta kiwango cha juu cha kutoa pesa kwa wiki. Hebu tukihesabu. Tuseme B inaruhusu kutoa kiasi kisichozidi shilingi 500,000 kwa wiki, na mtu ameshinda 6,000,000. Atasubiri wiki 12 kuzipata zote, kama kila wiki itakwenda sawa. Wiki zote hizo salio lake limekaa pale kwenye skrini na kitufe cha kucheza kiko pembeni yake. Nasema bila kusita kwamba kiwango cha namna hii kimewekwa ili pesa irudi mchezoni, na tovuti yenye kiwango kidogo hivyo naiona mbaya hata leseni yake ikiwa safi.

Hapohapo kuna sharti la bonasi. Bonasi ya shilingi 10,000 yenye sharti la mara 35 inamaanisha lazima uweke dau za jumla ya shilingi 350,000 kabla hujaruhusiwa kutoa kitu. Tovuti nyingine huhesabu mara 35 ya bonasi pamoja na pesa uliyoweka, na hapo 10,000 yako ikijumlishwa na 10,000 ya bonasi inakuwa 700,000. Kuikataa bonasi wakati wa kuweka pesa huondoa sehemu kubwa ya migogoro ya malipo kabla haijazaliwa.

Na kwenye "sheria" anaona mgogoro utaamuliwa wapi. Kwa B jibu ni Curaçao. Mtu wa Mbagala mwenye madai ya shilingi laki mbili hawezi kufungua kesi Karibi. Atabaki na barua pepe kwa mamlaka na malalamiko ya hadharani.

Tovuti C: leseni ya kubandika

C ina nembo mbili, na kila moja inahitaji maelezo yake.

Nembo ya Bodi ya Tanzania ina namba chini yake. Mchezaji wetu anaitafuta na kukuta ni ya kampuni halisi. Hapa ndipo wengi huridhika, kwa kuwa namba ni ya kweli. Lakini kampuni hiyo ina anwani inayoishia na `.co.tz`, na anwani ya C inaishia kwingine kabisa, ikiwa na herufi moja iliyoongezwa katikati ya jina. Leseni imenakiliwa. Anaipeleka anwani ya C kwenye `lookup.icann.org` na kutazama tarehe ya usajili. Tovuti inajitapa ina uzoefu wa miaka kumi, na anwani yake imesajiliwa miezi mitatu iliyopita.

Nembo ya pili ni ya Anjouan, kisiwa tunachokiita Nzwani, hapo Komoro. Siku hizi leseni za kisiwa hiki zinaonekana kwenye tovuti nyingi, hasa baada ya Curaçao kukaza masharti, na namba zake mara nyingi huanza na `ALSI-`. Kwa sisi wa pwani jina hilo linasikika la jirani, na mtu anaweza kudhani msaada uko karibu. Asidhani hivyo. Benki Kuu ya Komoro imetoa tahadhari ya hadharani kuhusu leseni za kibenki zinazouzwa nje kwa jina la kisiwa hicho, ikisema haizitambui. Mambo ya kasino si ya benki hiyo, lakini tahadhari inaonyesha kwamba karatasi yenye jina la Anjouan si lazima iwe na serikali ya Komoro nyuma yake. Kwa maoni yangu leseni hiyo, hata ikiwa imesajiliwa kweli, ni dhaifu kuliko zote nilizotaja hapa.

Kinachomaliza kabisa suala la C ni njia ya malipo. Mhudumu kwenye WhatsApp anampa namba ya simu ya kawaida atumie pesa, na jina linalotokea ni la mtu binafsi. Kesho yake namba inabadilika, na jina pia. Kampuni yenye leseni haikusanyi dau kwenye laini ya mtu.

Kusoma malalamiko

Sasa upande wa pili. Mchezaji wetu anaandika jina la tovuti pamoja na maneno "haijanilipa", "kutoa pesa" na "wamefunga akaunti". Anaangalia maoni chini ya kurasa za Facebook za kampuni, kwenye maduka ya programu za simu, Trustpilot, na kwa tovuti za kimataifa kama B, kwenye madawati ya malalamiko ya AskGamblers na Casino Guru. Akumbuke kwamba kurasa nyingi zinazopanga "tovuti kumi bora" hulipwa kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka, mara nyingi sehemu ya pesa atakayopoteza. Sifa zinazotoka huko ni tangazo. Malalamiko yaliyoachwa hapohapo yanaweza bado kuwa na thamani, hasa yenye tarehe, kiasi na majibu ya kampuni.

Malalamiko mengi si ushahidi wa chochote. Mtu ambaye mkeka wake umechanika dakika ya 90 anaandika kwamba kampuni ni wezi. Mwingine anadai mchezo umepangwa. Hayo yaweke pembeni. Kampuni kubwa itakuwa na malalamiko mengi kuliko ndogo kwa sababu tu ina wateja wengi, kwa hiyo idadi peke yake haikuambii kitu.

Kuna malalamiko mengine ambayo yana maelezo. Mtu analalamika kwamba hajalipwa kwa sababu ametakiwa kitambulisho. Kuhakiki utambulisho kabla ya kulipa ni jambo la kawaida, na jina la akaunti lazima lilingane na jina la laini ya simu. Aliyejisajili kwa jina la utani na kutumia laini ya shangazi yake atapata shida kwenye tovuti iliyo bora kabisa. Mwingine analalamika kwamba ushindi wake umekuja vipandevipande. Kenya muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000, kwa hiyo kampuni inayolipa milioni moja kwa mafungu inafuata kikomo cha simu. Mwingine anasema amekatwa. Kodi hukatwa na kampuni kabla pesa haijakufikia, na hilo liko kisheria Kenya na Tanzania.

Yaliyobaki ndiyo ya kusomwa kwa makini. Natafuta mtu ambaye ameshahakikiwa, hakuchukua bonasi, ana namba ya muamala, na bado hajalipwa. Nikimpata mmoja namwekea alama. Nikiwapata watano ndani ya mwezi mmoja wakisema jambo lilelile, naacha. Tarehe ni muhimu kuliko ukali wa maneno. Tovuti yenye sifa nzuri ya miaka minne na malalamiko yaliyofumuka wiki sita zilizopita inaweza kuwa imeishiwa pesa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Lock Poker, iliyokuwa na leseni ya Curaçao. Wachezaji walianza kuandika kwamba malipo yanachelewa, ucheleweshaji ukawa wa miezi, na tovuti iliendelea kupokea pesa mpya mpaka ilipozimika mwaka 2015. Aliyesoma tarehe za malalamiko alikuwa na muda wa kutosha kuondoka.

Angalia pia kiasi. Tovuti inayolipa 15,000 na 30,000 bila tatizo, huku kila anayedai zaidi ya milioni akiambiwa akaunti yake "iko kwenye uchunguzi", ina tabia yake. Na angalia majibu ya kampuni. Jibu lenye namba ya malalamiko na matokeo, kisha mteja anarudi kusema amelipwa, lina uzito kuliko nyota tano ishirini zilizoandikwa siku moja.

Kuna lalamiko moja ambalo likionekana hata mara moja linatosha: mteja ameambiwa alipe kwanza kodi, ada ya kufungua akaunti au "dhamana" ndipo atoe ushindi wake. Kampuni halali hukata kodi kutoka kwenye pesa inayokulipa. Haiombi uitumie pesa mpya. Kwa C, mchezaji wetu anakuta watu wanne wenye hadithi hiyohiyo: salio la mamilioni kwenye skrini, kisha ombi la asilimia kumi, kisha ombi la pili, kisha namba imefungwa.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu, picha inakuwa hii:

| | Tovuti A | Tovuti B | Tovuti C |
|---|---|---|---|
| Leseni | Bodi ya Tanzania, imeonekana kwenye orodha | Curaçao, namba mpya, muhuri unafunguka | Namba imenakiliwa kwa mwingine |
| Anwani na kampuni | Zinalingana | Zinalingana | Hazilingani |
| Jina la anayepokea pesa | La kampuni | La kampuni ya malipo iliyotajwa | La mtu binafsi |
| Malalamiko yanayobaki baada ya kuchuja | Ucheleweshaji siku za mechi kubwa, mengi yamejibiwa | Kiwango cha wiki, migogoro ya bonasi | Kudaiwa pesa ili ulipwe |
| Pa kulalamikia | Bodi, hapa nyumbani | Mamlaka ya mbali, kwa barua pepe | Hakuna |

C inatoka bila mjadala. Kati ya A na B ningechagua A hata kama B ina odi bora kidogo na michezo mingi zaidi. Tofauti ya odi ni ya shilingi mia chache kwenye mkeka wa elfu moja. Tofauti ya msimamizi ni ya ushindi mzima. Aliye Ulaya au Ghuba ataanza na msimamizi wa nchi anayoishi kwa mantiki hiyohiyo, na kama kubeti mtandaoni hakuruhusiwi pale alipo, leseni ya Tanzania au Curaçao haitamkinga.

Nisieleweke kwamba leseni nzuri inatosha hata huko kwenye wasimamizi wakali. Football Index, tovuti ya kubeti juu ya wachezaji wa mpira, ilikuwa na leseni ya Uingereza. Iliposimama Machi 2021, leseni ikasimamishwa na wateja wakabaki wameshikilia dau zisizo na thamani. Waingereza wana kanuni inayolazimisha kampuni kueleza kiwango cha ulinzi wa pesa za wateja iwapo itafilisika: hakuna ulinzi, ulinzi wa kati, au wa juu. Sentensi hiyo imo kwenye masharti, na kampuni kadhaa zinaandika wazi kwamba hakuna. Njia pekee ya kujikinga ni kutoacha salio kubwa likae kwenye tovuti yoyote.

Kuweka na kujaribu kutoa

Mchezaji wetu ameamua A. Haweki 20,000 yote. Anatuma picha ya kitambulisho cha NIDA kwanza, ili uhakiki uishe kabla hajashinda kitu. Anaweka 2,000, anakataa bonasi, na anaitumia kwa dau dogo angalau mara moja, kwa sababu tovuti nyingi hazikubali kurudisha pesa ambayo haijachezwa kabisa. Kisha anatoa kilichobaki kama kinafikia kiwango cha chini cha kutoa, na anaandika saa aliyoomba na saa ujumbe wa simu ulipoingia. Jaribio hili linathibitisha kwamba njia ya kutoka iko wazi kwa kiasi kidogo. Halithibitishi kwamba milioni mbili zitatoka. Kwa hilo anategemea yale malalamiko aliyoyasoma.

Anahifadhi picha za skrini za namba ya mkeka, salio, ombi la kutoa na ujumbe wa muamala. Malipo yakikwama, anaandikia huduma kwa wateja na kudai namba ya malalamiko. Muda uliotajwa kwenye masharti ukipita bila malipo, anapeleka kila kitu kwa Bodi: jina la kampuni lilivyo kwenye leseni, tarehe, kiasi, namba ya muamala na majibu aliyopewa. Lalamiko lenye vitu hivyo vitano linashughulikiwa. Lisemalo "wamenidhulumu" bila namba halina pa kuanzia.

Na aliyekwisha kutuma pesa kwa C asitume nyingine, hata wakimwonyesha salio la mamilioni. Apige picha mazungumzo yote kabla hayajafutwa, apigie mtandao wake wa simu mara moja kutoa taarifa ya namba iliyopokea, maana pesa ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia, kisha aende polisi na ripoti hiyo. Kampuni ambayo leseni yake imenakiliwa nayo aiarifu, kwa kuwa ina sababu yake yenyewe ya kutaka ile anwani ifungwe.